Mkupuo wa Ebiere

Ebiere Dokubo alikuwa na dharau ya kugawia mtaa mzima na bado angebaki na akiba. Aliwadharau Waingereza kwa kuchemsha kila kitu mpaka kikose jina. Aliwadharau wahadhiri wanaosimama mbele ya darasa na kuwasomea watu kilichoandikwa ukutani. Aliwadharau Wanigeria wenzake waliofika Leeds juzi na tayari wanaongea puani. Lakini dharau yake nzito, ile ya siku kuu, aliwawekea wanafunzi wa kigeni waliofutiwa viza kwa kuzidisha saa za kazi. Hao hakuwapa hata pole.

"Saa ishirini kwa wiki wakati wa muhula," alikuwa akisema, huku akiinua mikono. "Ishirini tu! Mtoto wa chekechea anazihesabu kwa vidole vya mikono na miguu, na hahitaji kumwazima jirani."

Jumamosi moja ya Januari, katika jiko la nyumba waliyopanga mtaa wa Harehills, mtu wa namna hiyo alikuwa amekaa mbele yake, mabegi yakiwa mlangoni. Jina lake Osaretin Aigbe, mwenyeji wa mji wa Benin hukohuko Nigeria, mwanafunzi wa uzamili aliyeanza masomo Januari ya mwaka uliotangulia. Alibakiza tasnifu tu amalize. Sasa alikuwa anasubiri teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Wenzake watatu wanne walikuja kumuaga, na Iniobong, Mnigeria wa mji wa Uyo aliyeishi na Ebiere chumba kwa chumba, alikuwa akikaanga ndizi ili mgeni asipande ndege na njaa.

"Nieleze tena," Ebiere alisema, "maana mimi ni mzito wa kuelewa. Ulifanya kazi saa ngapi pale ghalani?"

"Arobaini," Osaretin alijibu kwa sauti ya chini. "Julai na Agosti. Ilikuwa likizo, dada."

"Likizo ya nani?"

"Chuo kilikuwa kitupu. Wanafunzi wote walikuwa wameondoka. Hata mkahawa ulifungwa."

"Wa shahada ya kwanza ndio walioondoka! Wewe ulikuwa wa uzamili. Wa uzamili hana likizo ya kiangazi. Kiangazi chake ni cha tasnifu, na mpaka siku ya kuikabidhi anahesabiwa yuko muhulani, saa zake ni ishirini zilezile. Imeandikwa kwenye ukurasa wa chuo, kwa maandishi makubwa kama ya kliniki. Wewe ulitazama mkahawa!"

Watu walicheka, japo si wote kwa moyo. Osaretin alitazama meza. Mwajiri wake alikuwa amekaguliwa, saa zikaonekana, chuo kikaarifiwa, chuo kikaondoa udhamini wake, na serikali ikaifupisha viza yake ikabaki siku sitini. Hapo alihesabiwa mwenye bahati, kwani wengine hawapewi hata siku hizo. Tasnifu yake yenye kurasa tisini ilikuwa ndani ya begi, haina wa kuisoma.

"Ningekuwa wewe," Ebiere aliongeza, "nikifika Benin ningesema nimefukuzwa kwa wizi. Ni heshima zaidi. Mwizi angalau ana akili."

Hapo ndipo alipoanza kucheka vizuri, kile kicheko chake cha kurudisha kichwa nyuma, mkono kifuani. Iniobong aligeuka kutoka kwenye jiko, kijiko cha kupakulia mkononi, akasogea karibu naye. "Dada Ebi," alisema polepole, "mimi juzi nilipita kwenye ile ofisi ya viza ya chuo, nikauliza habari ya wiki. Walisema wiki yao—"

"Ini, ndizi zinaungua!" Ebiere alimkata, machozi ya kicheko yakimtoka. "Geuza ndizi, mama. Huyu asile mkaa juu ya msiba wake."

Ini akageuza ndizi. Teksi ikapiga honi. Osaretin akaondoka na bakuli la plastiki mkononi, na Ebiere akamwambia mlangoni amsalimie mama yake, kana kwamba hakumtendea lolote.

Haikuwa bure kwamba Ebiere alijiona yuko juu. Huyu alikuwa ofisa wa afya huko Yenagoa, Nigeria, ana miaka thelathini na mbili, amepewa ruhusa ya masomo ya mwaka mmoja. Mkuu wake wa kazi, mzee mmoja mwenye kitambi na wivu, alitangaza mbele ya idara nzima kwamba Uingereza itamshinda na atarudi na mabegi badala ya cheti. Ebiere alimjibu mbele ya idara hiyohiyo kwamba atarudi na cheti na kukalia kiti chake yeye mzee. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: cheti au mabegi. Na cheti kilitegemea viza, nayo viza ilitegemea saa ishirini. Alilijua hilo kuliko alivyojua sala zake.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya wazee iitwayo Thistle Rise, upande wa Bramley. Meneja wake, Lorraine Petty, alikuwa mwanamke wa kuita kila mtu kipenzi, na ukimsikiliza kwa makini unagundua anawaita hivyo kwa sababu hakumbuki majina. Zamu ya mchana ilianza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili na nusu jioni, ukitoa nusu saa ya mapumziko isiyolipwa, zinabaki saa kumi kamili. Zamu mbili kwa wiki, saa ishirini. Safi.

Ebiere hakuruhusu hata dakika moja ya ziada. Jumapili moja bibi mmoja mwenye miaka tisini na mmoja, Dorothy Kershaw, alikuwa anakunywa chai kwa kushikiwa kikombe. Saa ya ukutani ilipogonga nusu, Ebiere aliweka kikombe mezani, chai ikiwa nusu, akavua aproni.

"Bado sijamaliza, binti," bibi alisema.

"Mimi nimemaliza, Dorothy. Saa zangu zimekwisha. Mwenzangu anakuja."

"Ni funda mbili tu."

"Funda mbili zako ni viza yangu," Ebiere alisema, akaenda zake. Mwenzake alikuja baada ya dakika kumi, na chai ilikuwa imepoa.

Alijua pia kwamba saa za kazi mbili hujumlishwa. Kuna kijana wa darasani kwao aliyefanya kumi na mbili baa na kumi na mbili kwa mwoka mikate, akidhani kila mwajiri ana ishirini yake. Ebiere alimwita Bwana Mikate mpaka kijana akabadilisha kiti. Alijua kwamba hata kazi isiyolipwa huhesabiwa. Alijua kwamba kujiajiri hakuruhusiwi kabisa, na dada mmoja aliyekuwa akisuka watu nywele chumbani kwake kwa malipo, Ebiere alimwambia hivyo huku kichwa chake yeye Ebiere kikiwa katikati ya kusukwa naye.

Likizo ya Krismasi aliitumia kama sheria inavyotaka. Alichapisha ukurasa wa tarehe za muhula wa chuo, wenye likizo ya watu wa uzamili, akampelekea Lorraine auweke kwenye faili, kwa sababu mwajiri lazima awe nao. Kisha akafanya kazi kama punda wiki tatu, saa hamsini, hamsini na mbili, huku Waingereza wamekwenda kwao kula bata mzinga. Siku muhula ulipofunguliwa akarudi kwenye ishirini bila kuombwa. Lorraine alimsihi aongeze siku moja tu. Ebiere alimtazama meneja wake kama mtu anayetazama nzi kwenye mchuzi.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa mkupuo.

Pale Thistle Rise ratiba ya zamu haikuanza Jumatatu. Ilianza Jumamosi na kuisha Ijumaa, kwa sababu aliyejenga nyumba ile, aliyekwisha kufa zamani, alikuwa akifunga mahesabu ya mishahara Ijumaa, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha. Wafanyakazi waliiita wiki, tena hawakujua wiki nyingine. Ebiere aliitazama ratiba ile mwezi wa Oktoba, akaona kitu ambacho wengine wote, kwa maoni yake, walikuwa wajinga mno kukiona. Ukichukua Alhamisi na Ijumaa, umemaliza ishirini za wiki inayofungwa. Ukichukua Jumamosi na Jumapili, umemaliza ishirini za wiki inayofunguliwa. Siku nne kwa mkupuo mmoja, kisha siku kumi huru kabisa za maktaba. Hasafiri kwa basi kila mara kwa ajili ya zamu moja, hachanganyi vinyesi na vitabu, na wiki zote mbili zina ishirini, hakuna iliyozidi.

Lorraine aliupenda mkupuo kuliko hata Ebiere, maana mwisho wa juma ndio siku ambazo wafanyakazi Waingereza huumwa migongo kwa pamoja, wasije kazini. "Wewe una akili, kipenzi," alimwambia. Kisha akamgeukia Iniobong, ambaye naye alifanya kazi palepale. "Na wewe, kipenzi, kwa nini usifanye kama mwenzako?"

"Hapana, asante," Ini alijibu. "Mimi nitachukua Jumanne jioni na Jumamosi, kama kawaida."

"Huyu anaogopa hata kivuli chake," Ebiere alimwambia Lorraine. "Mwache. Kuna watu Mungu amewaumba kwa ajili ya Jumanne jioni."

Ini alikuwa na tabia ya kutojibu, na Ebiere aliihesabu kuwa ni upumbavu.

Hivyo mkupuo ukaenda. Mara nne kabla ya Krismasi, na mara moja zaidi Januari muhula ulipofunguliwa.

Mapema Februari ofisi ya viza ya chuo iliwaita ukumbini wanafunzi wapya walioanza Januari, kuwaeleza masharti. Ebiere, kwa kuwa alikuwa mwakilishi wa darasa, aliombwa aje kuwakaribisha kwa maneno mawili. Mwenye kutoa maelezo alikuwa Graham Thwaite, ofisa wa chuo mwenye sweta la kijivu na sauti ya kulaza watoto. Alizungumza nusu saa. Ebiere alikaa mstari wa mbele, miguu imepishana, akiitikia kwa kichwa kila sentensi kama mwalimu mkuu anayemkagua mwalimu wa mazoezi.

Msichana mmoja wa Lahore aliyejifunga ushungi wa kijani aliinua mkono. "Samahani. Mimi mwajiri wangu anataka zamu ndefu tu, na darasa langu ni Jumatatu mpaka Jumatano. Watu wanazipangaje hizo saa ishirini?"

Graham alikohoa. Kabla hajafungua mdomo, Ebiere alikuwa amekwisha simama.

"Niachie mimi hilo," alisema, akachukua kalamu ya ubao bila kuombwa. "Ndugu zangu, msidanganyike na wanaolialia kwamba saa ishirini hazitoshi. Tatizo si saa, tatizo ni vichwa. Tazameni."

Akachora siku kumi na nne. Akaweka mstari kati ya Ijumaa na Jumamosi. Akapaka rangi Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili ili kila mtu aone. Alieleza kwa ufasaha, kwa mifano na mizaha. Akamtia Osaretin kwenye simulizi bila kumtaja jina, yule aliyetazama mkahawa akadhani ni likizo, na ukumbi mzima ukacheka. Msichana wa Lahore alikuwa ananakili. Vijana wa nyuma walipiga picha ubao kwa simu zao.

Graham Thwaite hakucheka. Alikuwa amesimama kando, uso umebadilika rangi.

"Ebiere," alisema, "hizo siku nne zinafuatana?"

"Ndiyo maana ya mkupuo, Graham."

"Na unafanya hivyo wewe mwenyewe? Au unatoa mfano tu?"

Hapo alikuwa amepewa mlango wa kutokea, mpana, uliofunguliwa na mtu aliyeushikilia kwa mkono. Mtu mwenye aibu kidogo angeuona. Ebiere aliuona ukuta wa sifa zake tu.

"Mfano? Mimi si mtu wa kutoa mifano. Ninafanya tangu Oktoba."

"Wakati wa muhula?"

"Wakati wa muhula, bila shaka. Wakati wa likizo mkupuo wa nini? Likizo nafanya nitakavyo."

Graham alifunika kalamu yake kwa kifuniko, polepole. "Naomba kila mtu afute picha ya ubao huu," alisema. "Na nyie mnaonakili, kateni. Kwa masharti ya viza yenu, wiki ni siku saba zinazoanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Si wiki ya mwajiri. Haijalishi mwajiri anafunga mishahara lini. Alhamisi mpaka Jumapili ni wiki moja. Hapo ubaoni kuna saa arobaini."

Ebiere aligeuka, akautazama ubao. Kwa mara ya kwanza alianza kuhesabu kutoka Jumatatu.

"Lakini wiki inayofuata ni sifuri," alisema.

"Ndiyo."

"Arobaini na sifuri, gawa kwa mbili."

"Hakuna kugawa," Graham alisema. "Sheria haina wastani. Saa ishirini ni kikomo cha kila wiki peke yake. Wiki ya sifuri haiokoi wiki ya arobaini. Tafadhali keti, halafu tuonane ofisini."

Kutoka mstari wa nyuma mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kupitia puani, na Ebiere alikitambua mara moja, kwa sababu alikuwa amekitumia mwenyewe miaka mingi.

Ofisini alipigana. Kwa hilo lazima asifiwe. Alisema alidanganywa na ratiba. Alisema mwajiri ndiye mwenye kosa. Alisema kama alitaka kuiba angeibaje kwa kupanda jukwaani na kuchora ubaoni?

"Ninakuamini," Graham alisema. "Ninaamini kabisa kwamba hukukusudia. Nitaliandika hilo."

"Basi yaishe."

"Ebiere, chuo ndicho mdhamini wa viza yako. Tukijua mwanafunzi amevunja masharti, tunatakiwa kuarifu. Siwezi kujifanya sikusikia. Na ingekuwa mara moja, kwa bahati mbaya, ningekuwa na la kuandika. Ni mara tano. Umeisema mwenyewe mbele ya watu sitini."

"Ungeweza kunivuta kando!"

"Nilijaribu," alisema Graham. "Nilikuuliza kama ni mfano."

Ebiere alitaka kumdharau mtu huyu, sweta lake, kikombe chake chenye picha ya mbwa. Alitafuta pa kuanzia, akakosa. Mtu yule hakuwa na furaha hata chembe. Laiti angekuwa na furaha, ingekuwa rahisi.

Kesho yake Lorraine alipiga simu. Chuo kilikuwa kimeuliza saa zake, na kampuni inayomiliki nyumba ya wazee ilikuwa imegundua, kwa mshtuko wa watu wenye mawakili, kwamba mwajiri anayemfanyisha kazi mtu kupita masharti ya viza anaweza kutozwa faini ya hadi pauni elfu arobaini na tano kwa kichwa kimoja.

"Usije Alhamisi, kipenzi," Lorraine alisema. "Wala siku nyingine. Ratiba mimi niliikuta hivyo. Wewe ndiye uliyechagua siku."

"Ulisema nina akili."

"Nasema hivyo kwa kila mtu," alijibu Lorraine, na kwa mara ya kwanza Ebiere alimsikia akisema jambo la kweli.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili. Walisoma maelezo yake, wakakiri kwamba alikuwa mkweli, wakaondoa udhamini. Viza ingefupishwa, na tarehe ya mwisho ingetoka serikalini. Masomo yamekatika katikati ya muhula wa pili, bila cheti, bila hata kipande cha cheti. Ebiere aliisoma barua pepe hiyo akiwa amesimama kwenye kituo cha basi, akaisoma tena ndani ya basi, akapitiliza kituo chake. Kilichomjia kichwani hakikuwa chuo wala Leeds. Ilikuwa sura ya mzee mwenye kitambi huko Yenagoa, akiinuka polepole kwenye kiti chake, mbele ya idara nzima, kupokea mabegi.

Alipofika nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Ndivyo zilivyo habari za Wanigeria wa Leeds. Kwenye kundi la simu la wanafunzi mtu alikuwa ameweka ile picha ya ubao ambayo Graham aliomba ifutwe, na chini yake ameandika: *Mtoto wa chekechea anazihesabu kwa vidole.* Vicheko vilikuwa vimejaa mpaka chini. Bwana Mikate ameweka vitatu. Aliyekuwa akisuka nywele ameweka saba. Na kutoka Benin, Osaretin hakuweka kicheko hata kimoja. Alikuwa amemwandikia yeye peke yake, pembeni: "Pole, dada. Mabegi yawe chini ya kilo ishirini na tatu, wananyanyasa sana pale uwanja wa ndege." Huyo ndiye aliyemuumiza kuliko wote.

Ini alikuwa jikoni, anakaanga ndizi. Alivuta kiti, akakifuta kwa kitambaa, akakisukuma kuelekea kwa Ebiere.

Ebiere alikaa. Alisubiri. Alijua kinachokuja, maana kama angekuwa yeye mwenye kijiko angekuwa amekwisha anza. Angemuuliza wiki ya Mungu ilianza siku gani. Angemshauri aseme amefukuzwa kwa wizi. Alijiandaa kwa kila neno, akaweka na majibu tayari. Ini akaendelea kugeuza ndizi.

"Sema basi," Ebiere alisema mwishowe.

"Niseme nini?"

"Unachotaka kusema. Mwoga wa Jumanne jioni. Umeshinda. Sema."

"Mimi sina la kusema, dada Ebi. Umekula?"

"Usinihurumie! Wewe ulijua? Ndiyo maana ulikataa mkupuo?"

"Mwanzoni sikujua. Nilikuwa naogopa tu, kama ulivyosema." Ini alipunguza moto. "Halafu Januari nikaenda ofisini kuuliza, nikaambiwa wiki inaanza Jumatatu."

Ebiere alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. "Ukajua! Ukajua, na ukanyamaza! Umeniona naenda zamu ya Januari, nimevaa viatu, na ukaniachia mlango! Mtu unakaa naye nyumba moja! Kwa nini hukuniambia?"

"Zamu ya Januari ulikuwa umeshaimaliza. Lakini nilikuambia."

"Lini?"

"Siku anaondoka Osaretin. Hapahapa. Nilikuja mpaka ulipokaa, nikaanza kukuambia."

"Mbona sikusikia?"

Ini alipakua ndizi za mtu mmoja kwenye sahani, akaiweka mbele ya Ebiere pamoja na uma.

"Ulikuwa unacheka," alisema.

Ebiere alikaa chini tena. Angekuwa amenyamaza siku ile kwa muda wa pumzi moja, asingesimama ukumbini na kalamu ya watu. Mikupuo mitano ingebaki ya kwake na ya Mungu wake, na Juni angekuwa anaandika tasnifu. Aliutazama mgongo wa Ini, akatafuta ndani yake ile dharau ya zamani, hata punje, ya kumsaidia kusimama. Ndizi zilikuwa zimepungukiwa na chumvi. Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi, akayameza, akala.